Nani Mwenye Usugu: 0417 au 0471?

Majibu ya sampuli namba 0417 yalitoka kwenye mashine Jumatano asubuhi, na yalikuwa ya kufurahisha. Vimelea vya kifua kikuu vya mgonjwa huyo havikustahimili rifampisini wala isoniazidi, dawa mbili kuu za kutibu ugonjwa huu. Mteknolojia wa maabara aliyekuwa zamu alichukua fomu ya maombi ili ayaingize, akasoma mstari wa chini ulioandikwa na hospitali ya wilaya, kisha akaiweka kalamu mezani. Mashine ya GeneXpert ya kule wilayani ilikuwa imesema kinyume kabisa: vimelea vya 0417 ni sugu kwa rifampisini.

Alivuta jalada la jana yake. Jumanne alikuwa ametoa majibu ya namba 0471, na hayo yalikuwa mabaya: usugu wa rifampisini na isoniazidi kwa pamoja. Kwenye fomu ya 0471, GeneXpert ilikuwa imeandika kwamba hakuna usugu.

Maabara ya kisa hiki haina jina, wala mteknolojia huyu hana, kwa kuwa ni mfano uliotungwa. Lakini vifaa, vipimo na hatua zinazofuata hapa ni zile zile zinazotumika katika maabara zinazootesha vimelea vya kifua kikuu, na kosa lenyewe ni la aina inayoweza kumpata hata mfanyakazi mzoefu na makini. Linafaa kusimuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu mgonjwa anayekabidhi kopo la makohozi dirishani mara nyingi hajui kwamba kilichomo kitahama chombo mara kadhaa kabla ya kugeuka maandishi kwenye karatasi.

Kutoka kopo hadi karatasi

Makohozi hayabebi vimelea vya kifua kikuu peke yao. Yamejaa pia bakteria wa kawaida wa mdomoni na kooni, ambao hugawanyika kwa haraka zaidi. Kimelea cha kifua kikuu ni mzito wa kukua. Huchukua kati ya saa 15 na 20 kugawanyika mara moja tu. Wote wakiachwa pamoja kwenye chakula kimoja, bakteria wa mdomoni wangeshakimaliza kabla mwenzao hajaanza.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuwaua hao wengine. Makohozi huhamishiwa kwenye tyubu ya plastiki ya mililita 50 na kuchanganywa na sodiamu haidroksaidi kwa dakika 15. Kimelea cha kifua kikuu kina ganda lenye nta, hivyo hustahimili ukali huo kwa muda mfupi ambao wengine hawaumudu. Baada ya hapo tyubu hujazwa maji ya fosfeti ili kupunguza ukali, huzungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji, na vimelea hutua chini. Maji ya juu humwagwa, mashapo hubaki.

Mashapo hayo hugawanywa njia mbili. Nusu mililita huingia kwenye tyubu inayoitwa MGIT, yenye mililita 7 za mchuzi wa virutubisho. Matone machache huwekwa juu ya chakula kigumu cha Löwenstein-Jensen, kilichotengenezwa kwa mayai na rangi ya kijani, ambacho huganda kwa mshazari ndani ya chupa ndogo. Njia ya mchuzi ni ya haraka, ya mayai ni ya polepole. Kwenye mayai, makundi ya vimelea makavu, yenye mikunjo na rangi ya krimu huonekana kwa macho baada ya wiki 3 hadi 8.

Tyubu ya MGIT ina ujanja wake. Kitakoni mwake kuna tabaka dogo la silikoni lenye kemikali ambayo haiwezi kung'aa mradi kuna oksijeni ya kutosha kwenye mchuzi. Vimelea vikikua hutumia oksijeni, na inapopungua kemikali ile hung'aa rangi ya chungwa chini ya mwanga wa urujuanimno. Tyubu hukaa ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 37, na mashine huipima kila baada ya saa moja, usiku na mchana. Siku 42 zikipita bila mng'ao, jibu ni kwamba hakuna kilichoota.

Tyubu za 0417 na 0471 ziling'aa siku moja, Ijumaa. Ndipo hatua ya pili ilipoanza: kuuliza dawa gani zinaweza kuviua vimelea vilivyoota.

Moja kwa mia

Kipimo cha usugu ni rahisi kukielewa. Vimelea vya mgonjwa mmoja huwekwa kwenye tyubu kadhaa mpya kwa wakati mmoja. Kila moja ina kiasi kilichopimwa cha dawa, mmoja rifampisini, nyingine isoniazidi, isipokuwa tyubu moja isiyo na dawa yoyote, inayoitwa ya udhibiti. Zote hupangwa kwenye kishikio kimoja na kurudishwa kwenye mashine.

Siri iko kwenye tyubu ya udhibiti. Vimelea vinavyoingia humo huwa vimepunguzwa mara 100 kuliko vinavyoingia kwenye tyubu za dawa. Kama dawa inafanya kazi, tyubu yake itabaki kimya wakati ile ya udhibiti inakua. Ikiwa tyubu ya dawa inakua sawa na ya udhibiti, au kuizidi, maana yake ni kwamba angalau kimelea 1 kati ya kila 100 kimeshindikana na dawa hiyo, na kiwango hicho kinatosha kumhesabu mgonjwa kuwa ana kifua kikuu sugu. Majibu hupatikana kati ya siku ya 4 na ya 13.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo baadaye ilikuja kuwa muhimu sana katika kisa hiki. Tyubu iliyong'aa ikitumika siku ya kwanza au ya pili baada ya kung'aa, mchuzi wake huchukuliwa moja kwa moja. Ikifika siku ya 3 hadi ya 5, vimelea huwa vimeshakuwa vingi mno, kwa hiyo mililita 1 ya mchuzi huchanganywa kwanza na mililita 4 za maji ya chumvi kwenye tyubu nyingine tupu. Tyubu zetu ziling'aa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza, Jumapili ya pili. Mteknolojia alizishika Jumatatu, siku ya tatu, hivyo zikahitaji tyubu ya ziada katikati.

Tofauti si lazima iwe kosa

Kwa nini basi hakushtuka Jumanne, alipoona majibu ya 0471 yanapingana na GeneXpert? Kwa sababu alikuwa na sababu nzuri ya kuyaamini. Fomu ilieleza kwamba mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi aliyemeza dawa za kawaida kwa miezi miwili, na makohozi yake bado yalikuwa na vimelea. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye hasa anayetiliwa shaka ya usugu. Mkuu wa maabara aliyaona majibu akayatia saini.

Tena GeneXpert nayo ina mipaka. Mashine hiyo haioteshi chochote. Inasoma kipande kifupi cha jeni moja ya kimelea, iitwayo rpoB, ambamo mabadiliko mengi yanayoleta usugu wa rifampisini hutokea, na hutoa jibu kwa takribani saa 2. Mabadiliko yakiwa nje ya kipande hicho, mashine haiyaoni. Mfano unaojulikana zaidi unatoka Eswatini. Watafiti walichunguza vimelea 125 vyenye usugu wa dawa nyingi vilivyopatikana katika utafiti wa kitaifa wa nchi hiyo, wakakuta 38 kati yake vina badiliko moja lililo nje kidogo ya eneo linalosomwa na mashine. GeneXpert ingewaambia wagonjwa hao kwamba rifampisini itawaponya. Ni vipimo vya kuotesha vilivyoufichua ukweli, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Kinyume chake pia hutokea. Makohozi yenye vimelea vichache mno yanaweza kuifanya mashine ihisi usugu usiokuwepo, na yapo mabadiliko ya jeni ambayo mashine huyahesabu kuwa usugu ilhali kwenye tyubu ya rifampisini vimelea havikui. Mgonjwa mmoja anaweza pia kuwa na aina mbili za vimelea kifuani, moja sugu na nyingine siyo.

Kwa hiyo jibu moja linalopingana na jingine lina maelezo mengi ya halali. Kilichomfanya mteknolojia aweke kalamu chini Jumatano ni kwamba sasa yalikuwa majibu mawili, ya sampuli zilizoshughulikiwa siku moja na mtu mmoja, na yalipingana na GeneXpert kwa kuelekea pande tofauti. Ukibadilisha namba mbili tu, kila kitu kinakaa sawa. Na namba zenyewe, 0417 na 0471, zinatofautiana kwa tarakimu mbili zilizopishana.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa maabara.

"Shikamoo mama. Naomba tuyazuie majibu ya jana, ya 0471."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nadhani yamebadilishana na ya 0417. Yale ya leo yanapingana na GeneXpert, ya jana vilevile, lakini kila moja kwa upande wake."

"Umeshajua yamebadilishana wapi?"

"Bado."

"Basi simu kwanza, mwanangu. Kutafuta tutatafuta baada ya simu."

Simu ilikwenda kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya. Mwalimu alikuwa ameshaitwa hospitali aje Alhamisi kwa maandalizi ya kuanza dawa za kifua kikuu sugu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wengi wa wagonjwa hao mchanganyiko wa dawa nne kwa miezi 6, na mmojawapo, linezolidi, unaweza kupunguza damu, kufisha ganzi miguu na kudhuru macho. Ni gharama inayostahili kulipwa na mwenye usugu. Asiye nao anaumizwa bure. Kwa 0417, muuza samaki ambaye wilaya ilikuwa imeshamwanzishia dawa hizo kwa kufuata GeneXpert, hatari ilikuwa ya upande mwingine: karatasi yenye maneno "hana usugu" ingeweza kumrudisha kwenye dawa ambazo vimelea vyake havizijali, na angeendelea kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake.

Mratibu aliombwa mambo mawili. Mwalimu asianzishiwe dawa mpya, na muuza samaki asiachishwe za kwake, hadi maabara ipige simu tena.

Kukata njia katikati

Mwenye haraka angerudia kipimo chote kuanzia mwanzo. Lakini kurudia huchukua siku nyingi, na hakuelezi kosa lilitokea wapi, wala kama sampuli nyingine za Jumatatu ile zimeguswa. Mkuu wa maabara na mteknolojia walichora kwenye karatasi vyombo vyote ambavyo sampuli ilipitia: kopo, tyubu ya sentrifuji, MGIT na chupa ya mayai, tyubu ya maji ya chumvi, seti ya kipimo cha usugu, na mwisho karatasi ya majibu. Mahali fulani kwenye mstari huo, 0417 iliacha kuwa 0417. Kabla ya hapo kila chombo kina vimelea sahihi, baada ya hapo kila chombo kina vya mwenzake. Kilichotakiwa ni kuupata mpaka.

Walianza na kilicho rahisi zaidi, yaani maandishi. Majibu yalichapishwa upya kutoka kwenye kumbukumbu za mashine, yakalinganishwa na karatasi ya kazi ya Jumatatu na namba zilizoandikwa kwenye tyubu zenyewe. Zote zilikubaliana. Hakuna aliyekosea kunakili. Kama kuna kilichobadilishana, ni vimelea vyenyewe.

Bahati yao ilikuwa utaratibu wa maabara wa kutotupa kitu hadi majibu ya mwisho yatoke. Chupa za mayai zilikuwepo, na kwa kuwa zaidi ya wiki tatu zilikuwa zimepita, zote mbili zilikuwa zimeota. Tyubu za MGIT za awali zilikuwepo. Seti za kipimo cha usugu zilikuwepo. Ni tyubu za maji ya chumvi tu ambazo hazikuwepo. Hizo zilichomwa kwa mvuke wa nyuzi 121 jioni ya Jumatatu pamoja na taka nyingine, kama inavyotakiwa.

Mteknolojia alichukua kidogo kutoka kila chombo: chupa mbili za mayai, MGIT mbili za awali, na tyubu za udhibiti kutoka seti mbili za kipimo cha usugu. Zikawa sampuli sita. Akaongeza maji matupu, ambayo hayatakiwi kuonyesha chochote, na vimelea vya H37Rv, aina inayotumika kama kipimio katika maabara za dunia nzima, ambayo asili yake ni kwa mgonjwa mmoja wa Marekani mwaka 1905 na haina usugu. Safari hii hakushika sampuli mbili kwa wakati mmoja. Alifungua moja, akamaliza, akafunga, akaiondoa mezani, ndipo akaifuata ya pili.

Tepe sita mezani

Kipimo walichokichagua hakioteshi. Hutoa vinasaba vya kimelea, huvizidisha, kisha huvimwaga juu ya utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari 27 isiyoonekana. Kila mstari hukamata kipande chake cha jeni, na unapokamata hugeuka rangi ya zambarau. Kuna mistari inayotokea pale jeni inapokuwa katika hali yake ya kawaida, na mingine inayotokea tu pale badiliko fulani la usugu linapokuwepo. Kimelea kisicho na usugu huonyesha mistari yote ya kawaida bila hata mmoja wa badiliko. Kimelea sugu hukosa mstari wa kawaida mahali jeni ilipoharibika, na mara nyingi mstari wa badiliko hujitokeza badala yake.

Alhamisi alasiri tepe zilikauka zikabandikwa kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. Utepe wa maji matupu ulikuwa na mistari ya kuthibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa H37Rv ulikuwa na mistari yote ya kawaida. Kipimo kilikuwa salama, sasa zingeweza kusomwa zile sita.

Chupa ya mayai ya 0417 ilikosa mstari wa mwisho wa kawaida wa rpoB, na mstari wa badiliko ulisimama wazi mahali pake. Kwenye katG, jeni inayohusika na isoniazidi, hali ilikuwa hiyo hiyo. Huyu ni sugu kwa dawa zote mbili. Chupa ya mayai ya 0471 ilikuwa na mistari yote ya kawaida. Huyu si sugu. Kwa hiyo mashapo yaliyotoka kwenye sentrifuji yalikuwa sahihi, na yalikubaliana na GeneXpert ya wilayani. Nusu ya kwanza ya njia ikafutwa.

Tyubu za MGIT za awali zilisema vilevile: 0417 sugu, 0471 siyo. Mpaka ukasogea mbele zaidi.

Tyubu za udhibiti kutoka seti za kipimo cha usugu zilikuwa zimegeuka. Iliyoandikwa 0417 ilikuwa na mistari yote ya kawaida. Iliyoandikwa 0471 ilikuwa na yale mabadiliko mawili.

Kabla ya kuhitimisha, mkuu wa maabara aliuliza swali moja: je, inawezekana si kubadilishana bali ni kuchafuana, tone la sampuli moja kudondokea nyingine? Swali hilo lina uzito. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalikusanya tafiti 14, kila moja ikiwa na wagonjwa wasiopungua 100, na yalikuta katika 13 kati yake kulikuwa na watu waliohesabiwa kuwa na kifua kikuu kwa sababu ya vimelea vya mtu mwingine. Kiwango cha kati kilikuwa takribani 3 kwa kila 100 waliootesha vimelea. Chanzo hicho hutoka kwa mfano kwenye chupa moja ya maji ya fosfeti inayotumika kwa sampuli nyingi, pale mdomo wake unapogusa tyubu yenye vimelea vingi. Dalili zake zinafahamika: tyubu inachelewa sana kung'aa, hadubini haikuona kitu kwenye makohozi, na jirani yake kwenye kundi la siku hiyo alikuwa na vimelea tele.

Tepe zilimjibu. Sampuli sugu inapodondokea isiyo sugu, utepe huonyesha mstari wa kawaida na wa badiliko kwa pamoja, kwa sababu aina zote mbili zimo. Hapa kila utepe ulikuwa safi, wa aina moja tu. Vimelea havikuchanganyika. Vilibadilishana nafasi nzima nzima.

Saa 4:40 asubuhi

Sasa mpaka ulikuwa kati ya MGIT za awali na seti za kipimo cha usugu, na katikati ya vyombo hivyo kulikuwa na kimoja tu: tyubu ya maji ya chumvi, ile ile ambayo haikuwepo tena kupimwa. Ilibidi isomwe kupitia madaftari.

Kazi ya vimelea hai hufanyika ndani ya kabineti ya usalama, sanduku lenye kioo mbele na feni inayovuta hewa ili vimelea visimfikie mfanyakazi. Daftari la kabineti la Jumatatu lilikuwa na mstari mmoja: umeme ulikatika saa 4:40 asubuhi. Feni ikisimama, kanuni ni kufunga kila tyubu na kutoka chumbani. Jenereta ikishawaka, feni huachwa izunguke kwa dakika kadhaa, kisha meza ya kabineti na kila kilichomo hupanguswa upya kwa spiriti ya asilimia 70. Mteknolojia alifanya yote hayo kama alivyofundishwa.

Karatasi ya kazi ilionyesha kwamba saa 4:30 alikuwa ameshatengeneza mchanganyiko wa maji ya chumvi wa 0417 na 0471, tyubu mbili zikisimama jirani kwenye kishikio. Namba zao alikuwa ameziandika kwa kalamu ya wino. Ili kuona nini kingetokea, mkuu wa maabara alichukua tyubu mpya, akaandika namba kwa kalamu ile ile, akaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Wino ulivutika, tarakimu mbili za mwisho zikawa doa.

Mteknolojia alikumbuka kuziandika upya tyubu mbili baada ya umeme kurudi, kwa kufuata mpangilio aliodhani aliuacha kwenye kishikio. Mpangilio haukuwa ule. Kuanzia pale kila alichokifanya kilikuwa sahihi, isipokuwa kwamba vimelea vya muuza samaki vilikuwa vinaitwa vya mwalimu, na vya mwalimu vikiitwa vya muuza samaki.

Sampuli nyingine tatu zilizofanyiwa kipimo siku hiyo zilikaguliwa kwa njia ile ile. Mbili zilikuwa zimemalizika kabla umeme haujakatika, na ya tatu haikuanzishwa hadi adhuhuri. Hazikuguswa.

Pale ambapo kosa lingejificha

Kuna jambo moja katika uchunguzi huu linalopaswa kuwasumbua wote wanaosimamia maabara. Kosa lilionekana kwa sababu vimelea vya wagonjwa hawa wawili vilitofautiana. Kama wote wangekuwa hawana usugu, majibu mawili yangekuwa sawa, GeneXpert ingeyaunga mkono, na hakuna ambaye angeshtuka. Wasingedhurika safari hiyo, lakini wino unaofutika na tyubu mbili zilizofunguliwa pamoja vingebaki pale pale vikisubiri jozi nyingine.

Zipo njia za kutofautisha hata vimelea viwili visivyo na usugu. Moja husoma vipande 43 vya vinasaba na kuona vipi vipo na vipi havipo, na mpangilio unaopatikana huwa kama alama ya kidole ya ukoo wa kimelea. Mmoja wa mipangilio hiyo, unaopatikana sana Tanzania, umepewa jina la CAS1-Kili kutokana na Kilimanjaro. Hapo ndipo ugumu ulipo: mahali ambapo ukoo mmoja umeenea, wagonjwa wawili wasiojuana wanaweza kuwa na mpangilio ule ule, na kipimo hicho hakiwezi kuwatenganisha. Kusoma vinasaba vyote vya kimelea hutenganisha vizuri zaidi, lakini si maabara nyingi zinazoweza kufanya hivyo kila wiki.

Ndiyo maana ulinzi mkubwa zaidi unabaki mezani, kabla kosa halijatokea. Programu ya kuimarisha ubora wa maabara barani Afrika, iliyozinduliwa Kigali mwaka 2009 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, huzifundisha maabara kuandika kila hitilafu kwenye fomu maalumu, kutafuta chanzo chake na kurekebisha utaratibu uliolizaa. Fomu ya maabara hii ilijazwa Ijumaa. Kwenye nafasi ya chanzo hawakuandika jina la mtu. Waliandika: sampuli mbili zilikuwa wazi kwa wakati mmoja, lebo hazistahimili spiriti, na majibu ya GeneXpert hayalinganishwi na ya kuotesha kabla simu haijapigwa.

Mratibu wa wilaya alipigiwa simu Alhamisi jioni, mara tepe zilipothibitishwa. Kipimo cha usugu kilirudiwa kuanzia chupa za mayai, kila mgonjwa kwa siku yake, na majibu yake yalikubaliana na tepe. Karatasi mpya zilitumwa zikiwa na maneno "majibu yaliyorekebishwa" juu yake, tarehe na sababu, na majibu ya zamani yakiwa bado yanasomeka chini, kwa sababu daktari anayefungua jalada miezi sita baadaye anahitaji kujua kwamba kwa siku moja aliambiwa kitu kingine. Muuza samaki aliendelea na dawa alizoanza. Mwalimu hakuanzishiwa dawa mpya. Daktari wake alianza kuchunguza upya kwa nini dawa za kawaida zilikuwa zinachelewa, akianzia na namna alivyokuwa akizimeza.

Kwenye maabara, lebo sasa huchapishwa na kubandikwa kwenye tyubu ya maji ya chumvi pia, na tyubu isiyo na lebo inayosomeka hutupwa, haiandikwi upya. Karatasi ya kazi imeongezwa safu moja kwa ajili ya majibu ya GeneXpert. Pale yanapopingana na ya kuotesha, majibu hayatoki kwa simu wala kwa karatasi hadi mtu wa pili azitoe tyubu kwenye mashine, asome namba kwa macho yake na kutia saini.